Jumla ya siku iko kwenye pochi, orodha inaifafanua tu

*"Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47, naishi Morogoro na mume na watoto watatu. Mume anaacha kodi ya meza elfu kumi kila asubuhi, na mimi napata yangu ya kushona. Binti yangu aliniwekea programu ya matumizi kwenye simu, nikaichoka ndani ya wiki moja. Maandishi madogo, macho yanauma, na chaji ikiisha ndiyo basi tena. Nimerudi kwenye daftari. Naandika kila kitu, nyanya, nauli, vocha, lakini jioni nikijumlisha haifanani na hela iliyobaki. Juzi ilipishana kwa 4,300, nikalitupa kalamu. Bado kuna hela za kwenye simu, na duka la jirani ninakokopa. Daftari linaweza kunisaidia kweli, au najichosha? Na niandikeje ili iwe rahisi?"*

Dada yangu, okota kalamu. Hiyo 4,300 ni dalili kwamba daftari lako limeanza kufanya kazi. Kama usingehesabu hela iliyobaki, ungejumlisha orodha, ukapata tarakimu safi, ukalala ukiamini umetumia pungufu kuliko ulivyotumia. Programu ya binti yako nayo ingekuambia hivyohivyo, maana haikuoni ukimpa mtoto hela ya maandazi. Inajua kile tu ulichokiingiza.

Tatizo lako ni mpangilio. Umeanza na orodha ukamalizia na pochi, na hivyo pochi ikawa mtihani wa kuipima kumbukumbu yako kila jioni. Kumbukumbu itafeli mtihani huo kila mara, kwa sababu hela ndogo zinazotoka mkononi wakati akili iko kwingine hazikai kichwani. Mimi nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi na kukagua madaftari ya vikundi vya kuweka na kukopa, na bado siwezi kukutajia bila kukosea kila shilingi niliyoitoa leo. Kwa hiyo tugeuze. Pochi itangulie, orodha ifuate.

Ukijua ulichoamka nacho, ukajua kilichoingia, na ukahesabu kilichopo usiku, basi kilichotoka unakijua tayari, hata kama hujaandika nyanya moja. Chukua ulichoamka nacho, ongeza kilichoingia, toa kilichopo. Hiyo ndiyo jumla ya siku, nayo haitegemei kumbukumbu. Orodha kazi yake ni kueleza jumla hiyo ilikwenda wapi. Ikieleza yote, vizuri. Ikieleza sehemu kubwa tu, jumla bado ni sahihi.

Tuchukue siku inayofanana na hiyo juzi yako. Tarakimu ni zangu za mfano, lakini nadhani utaitambua. Uliamka na 6,200 kwenye pochi. Mume akaacha 10,000. Mchana mteja akachukua gauni lake, akakupa 15,000 mkononi. Usiku umehesabu noti na sarafu, zimefika 13,100. Ukurasa unasomeka hivi:

Jumanne
Nimeamka na: 6,200
Imeingia: 25,000
Ipo usiku: 13,100
Imetoka leo: 18,100

Mistari minne tu. 6,200 na 25,000 ni 31,200, toa 13,100, unabaki na 18,100. Ndipo chini yake unaweka orodha: dagaa 3,000, unga 3,600, mafuta ya kula 2,500, nyanya na vitunguu 2,000, mkaa 1,500, nauli 1,200. Orodha inafika 13,800. Kati yake na 18,100 kuna pengo, na pengo ni ileile 4,300.

Sasa usiulize "nimekosea wapi?", maana swali hilo linachosha na halina pa kuanzia. Jiulize: leo nimempa nani hela bila kupewa kitu? Katika madaftari niliyokagua, vitu vilivyosahauliwa vingi vilikuwa vya aina hiyo. Kitu ulichokibeba nyumbani kinakukumbusha. Unga uko jikoni, dagaa unawaona sufuriani. Lakini 1,000 ya mchango wa msiba wa mtaa wa pili haikuacha alama. 1,000 ya mtoto asubuhi, ukiwa unamfunga vifungo vya sare, nayo haikuacha alama. Na 2,000 uliyompunguzia mwenye duka kwa sabuni ya wiki iliyopita ndiyo imejificha kuliko zote, kwa sababu sabuni yenyewe iliisha zamani. Hizo tatu ni 4,000. Imebaki 300.

Hiyo 300 iandike "haijulikani 300", ufunge daftari, ulale. Nakusisitizia hili kwa sababu nimeona watu makini kama wewe wakiacha daftari kwa ajili ya mia tatu. Neno "haijulikani" linaruhusiwa kabisa. Ninachokuomba ni usiibandike 300 hiyo kwenye nyanya ili hesabu ipendeze. Ukifanya hivyo umepoteza kitu cha maana, kwa sababu "haijulikani" za wiki nzima ukizipanga pamoja zinasema jambo. Zikiwa mia mbili, mia tatu, mia nne, hizo ni chenji na usahaulifu wa kawaida. Zikianza kuwa elfu mbili, elfu tatu, na kila mara ni siku fulani, kuna mahali hela inatoka usipopaona.

Kama pengo ni kubwa na hulipati, usilikalie usiku. Kesho hesabu pochi mara moja zaidi, mchana, kabla ya kutoka kibandani kwenda sokoni, uandike tarakimu hiyo pembeni. Hapo umeikata siku vipande viwili. Usiku ukikuta hesabu ya asubuhi hadi mchana imekaa sawa, unajua pengo lilitokea sokoni au njiani, na unatafuta kwenye saa tatu badala ya kumi na nne. Baada ya siku chache utajua kipande chako kinachovuja na hutahitaji tena kuhesabu mchana.

Wakati mwingine hujasahau chochote, umeandika vibaya. Sisi wahasibu tuna kipimo cha zamani. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Umelipa unga 3,600, ukaandika 6,300. Tofauti ni 2,700, nayo kwa 9 ni 300 kamili. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuitafuta 2,700 jioni nzima kwenye risiti, kumbe iko kwenye mwandiko wangu. Si kila tofauti inayogawanyika kwa 9 ni kosa hilo, lakini ndipo pa kuchungulia kwanza. Halafu jumlisha tena ukitoka chini kwenda juu. Ukirudia kwa njia ileile, jicho hurudia kosa lilelile.

Kuna siku itatokea kinyume, hela ipo zaidi ya inavyotakiwa. Watu hufurahi, lakini hiyo nayo ni kosa. Ama kuna iliyoingia hukuiandika, ama umeandika kama umetoa kitu ambacho hujatoa. Kwa mtu anayekopa dukani, ni hiyo ya pili mara nyingi. Umechukua sukari ya 3,000 kwa mkopo, ukaiandika kwenye orodha ya leo, ilhali pochi haijaguswa. Kwa hiyo orodha imefika mbali kuliko pochi.

Hapa tuliweke sawa suala la duka. Mkopo wa duka usiingie kwenye ukurasa wa siku mpaka siku unapoulipa. Siku unapochukua, nenda ukurasa wa mwisho wa daftari, anza kuandika kutoka nyuma: tarehe, kitu, kiasi, na deni lote linalosimama sasa. Siku unapolipa, mambo mawili: ukurasa wa siku unaandika "duka 2,000" kwa sababu hela imetoka, na ukurasa wa nyuma unapunguza deni. Mara moja kwa wiki mwombe mwenye duka msome pamoja, daftari lake na lako. Si kwamba unamshuku. Watoto wanaotumwa hurudi na vitu ambavyo hawakukuambia vimeandikwa, naye ana wateja wengi na kalamu moja.

Ila usiuache ukurasa huo wa nyuma ukalala, kwa maana unaweza kukudanganya kwa upole sana. Pochi yako inaweza kuonyesha wiki nzuri, matumizi yameshuka, kumbe umehamishia matumizi dukani. Nitarudi hapo tukifunga wiki.

Upande wa simu, watu wengi huandika kitu kilekile mara mbili, nao hawajui. Mteja amekutumia hela, umekwenda kwa wakala ukatoa 15,000, ukaandika "kutoa 15,000" kwenye matumizi. Halafu kwa 15,000 hiyohiyo umenunua mchele na samaki, ukaviandika pia. Kwenye daftari umetumia 30,000. Kutoa hela kwa wakala ni sawa na kuhamisha noti kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Hujatumia. Kilichotumika pale ni makato peke yake.

Kwa hiyo ichukulie simu kama pochi ya pili, yenye kanuni ileile. Hela ikitoka kwenye simu kuja mkononi, kwenye ukurasa wa siku iandike kwenye "imeingia", uweke herufi S mbele yake ili ukumbuke ilitoka kwenye simu. Simu yenyewe usiihesabu kila usiku, utachoka bure. Ihesabu Jumapili. Salio haliendi popote, na ujumbe wa mwisho wa muamala unakuonyesha limebaki kiasi gani. Huhitaji programu yoyote kwa hilo, hata simu ya kitochi inatosha.

Mfano: Jumapili iliyopita simu ilikuwa na 8,000. Wiki hii wateja wametuma jumla ya 45,000. Umetoa kwa wakala 30,000 kuja kwenye pochi. Utaiona kwa kujumlisha herufi S zote za wiki. Leo salio ni 9,500. Basi 8,000 na 45,000 ni 53,000. Toa 30,000 iliyokuja pochini, toa 9,500 iliyopo, inabaki 13,500. Hiyo ndiyo iliyotumika kwa simu moja kwa moja. Unakumbuka umeme, LUKU ya 10,000, na vocha ya 2,000. Iliyobaki, 1,500, ni makato. Makato hayo ungeyaandika moja moja ungechoka siku ya pili, na kwa njia hii yamejikusanya yenyewe.

Sasa tufunge wiki, kwa kuwa jumla ya siku moja haikuambii mengi. Siku moja umenunua mafuta, siku nyingine umepikia yaliyopo. Ukilinganisha Jumanne na Jumatano utajilaumu bure Jumanne na kujisifu bure Jumatano. Weka jumla saba kwenye ukurasa mmoja:

Jumatatu 11,400
Jumanne 18,100
Jumatano 9,700
Alhamisi 12,300
Ijumaa 14,600
Jumamosi 16,900
Jumapili 10,800

Zinafika 93,800 za mkononi. Ongeza 13,500 za simu, unapata 107,300. Halafu fungua ukurasa wa nyuma. Wiki ilianza ukiwa na deni la duka 4,000 na imeisha likiwa 9,000. Limepanda 5,000. Hiyo 5,000 mmeila wiki hii ingawa bado hujailipa, kwa hiyo nayo iongeze: 112,300. Kama deni lingeshuka, ungepunguza badala ya kuongeza, kwa sababu sehemu ya hela uliyotoa wiki hii ingekuwa ya chakula cha wiki zilizopita. Gawanya kwa 7, unapata kama 16,000 kwa siku.

Hapo ndipo daftari linaposema jambo ambalo lilikuwa halijulikani nyumbani. Kodi ya meza ni 10,000, kwa wiki 70,000. Nyumba imekula 112,300. Tofauti, 42,300, imetoka kwenye cherehani yako na kwenye mkopo wa duka. Mafundi wengi na mama ntilie wengi husema "biashara hailipi, sioni faida", na ukifungua daftari unaikuta faida ipo, ila inaliwa kila siku kwa vipande vya elfu mbili mbili, haijawahi kukaa mahali pamoja ikaonekana.

Nikuonye kidogo lakini. Usimpelekee mume daftari usiku wa wiki ya kwanza na kumwambia "umeona?". Wiki moja inaweza kuwa ya ajabu. LUKU ya 10,000 huenda inakaa wiki mbili, na msiba hauji kila wiki. Kusanya wiki nne. Ukiwa na nne, unamwonyesha tarakimu nne, na mazungumzo yanakuwa juu ya nyumba. Naye, nakuambia, huenda ana matumizi yake ambayo hayamo kwenye daftari lako: ada, kodi ya nyumba, wazazi. Daftari lako linaona mlango mmoja wa nyumba, mwingine halioni. Hiyo ni kasoro yake na ni vizuri uikubali mapema.

Vitu vikubwa vinavyokuja mara moja moja, kama gunia la mkaa, mtungi wa gesi, sare za shule, viandike siku hela inapotoka kama kawaida, ila vizungushie duara. Mwisho wa wiki utoe vyenye duara kwenye hesabu ya wastani, uvipeleke kwenye ukurasa wao. Mchango wa mchezo nao uzungushie duara. Hela uliyompa kijumbe imetoka kwenye pochi, ni kweli, lakini hujaila; zamu yako ikifika itarudi. Siku unapopokea, izungushie duara vilevile upande wa "imeingia", ama utajiona tajiri siku moja na maskini wiki inayofuata.

Kuna jambo hukuuliza, lakini kwa fundi ni lazima niliseme. Mteja akikuachia 30,000 ya kununua kitambaa, hela hiyo si yako. Ikilala kwenye pochi moja na hela ya nyanya, utaitumia, tena bila nia mbaya. Pochi itaonekana imenona Jumatatu, na Ijumaa utaanza kuhangaika kutafuta kitambaa cha watu. Tafuta kopo au bahasha ya kazi. Vianzio vya wateja viingie humo, na uzi, zipu, bitana na sindano vinunuliwe kutoka humo. Kilicho chako kikishajulikana, unajilipa: unatoa kwenye kopo, unaweka kwenye pochi, unaandika "kutoka kazini". Mteja akituma kianzio kwa simu, kitoe siku hiyohiyo kiende kwenye kopo, kisizoeane na salio. Kikienda moja kwa moja kwenye kopo, siku ya hesabu ya simu kitoe pembeni pia, pande zote mbili, kisije kikaonekana kama matumizi. Hesabu kamili ya biashara ina daftari lake, na wala usijaribu kuianza wiki hii. Kopo linatosha kwa sasa.

Kuhusu daftari lenyewe: nunua la hesabu, lile la miraba ya watoto wa shule. Miraba inapanga mamoja chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu, na makosa ya kujumlisha yanapungua sana. Andika kwa peni, si penseli. Ukikosea piga mstari mmoja, uandike sahihi pembeni, kosa liendelee kusomeka. Lifunge na kalamu yake kwa uzi, wewe uzi unao, na liweke mahali unapokaa usiku ukivua kitenge, kwa kuwa daftari lililoko chumba cha pili haliandikwi. Mchana usilibebe. Weka kikaratasi kwenye pochi, au andika kwa chaki pembeni ya meza ya cherehani kama wafanyavyo mafundi, kisha uhamishe usiku. Tarakimu zipunguze ziishie kwenye mia, hamsini zisikusumbue. Hesabu noti kubwa kwanza, sarafu mwisho, na zile zilizolala kwenye mkoba mwingine au chini ya kitambaa cha meza zitafute, maana nazo ni pochi.

Kuna usiku utalala bila kuandika. Utaumwa, utakuwa na mgeni, utakuwa umechoka tu. Watu wengi huliacha daftari hapo, kwa sababu wanajaribu kukumbuka siku tatu nyuma na hawawezi. Usijaribu. Fanya siku zote tatu kuwa siku moja ndefu. Mara ya mwisho kulikuwa na 13,100. Kodi ya meza za siku tatu ni 30,000, na ulijilipa 20,000 kutoka kazini. Hiyo ni 63,100. Usiku huu umehesabu 22,600. Basi kwa siku tatu zimetoka 40,500, sawa na 13,500 kwa siku. Andika mstari mmoja, "siku tatu 40,500", orodha iache wazi, endelea. Umepoteza maelezo, jumla hujaipoteza, na wiki bado inafungika.

Nikiri pia upande wa binti yako, maana hakukosea. Mtu ambaye karibu kila malipo yake ni ya simu au benki, mshahara unaingia huko na unatokea huko, programu inamfaa kuliko daftari, kwa kuwa kila muamala umeshaandikwa na mtandao. Daftari pia halina nakala. Likimwagikiwa maji au panya wakilipata, limekwenda. Mwambie akupigie picha ukurasa wa wiki kila Jumapili kwa simu yake. Lakini kwako hela nyingi inapita mkononi kwa noti, na noti haina ujumbe. Programu ungeilisha kwa mkono vilevile, kwa maandishi madogo zaidi.

Kuna hali tatu ambazo ukiziona, jibu langu la maandishi halitoshi, utafute mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Ya kwanza ni deni la nyuma ya daftari kupanda wiki nne mfululizo ingawa unaandika kila kitu na huoni cha kupunguza. Hapo hela inayoingia haitoshi, na daftari halizai hela. Ya pili ni kukopa mahali pamoja ili ulipe pengine, hasa mikopo ya haraka ya kwenye simu, ambayo muda wake ni mfupi na ada yake hujirudia kila unapokopa upya. Kwa hizo mbili, anza na mweka hazina wa kikoba chako kama ni mtu anayetunza siri, au nenda ofisi ya kata umwone afisa maendeleo ya jamii; beba daftari, kwa sababu kurasa nne za wiki zitaokoa saa nzima ya maelezo. Ya tatu ni "haijulikani" kubwa zinazorudi siku zilezile. Hapo usimtuhumu mtu kwa ushahidi wa daftari. Kwanza badilisha mahali unapoweka pochi kwa wiki moja, uone kama pengo linafungika.

Na macho. Fundi wa miaka 47 ambaye maandishi madogo yanamuumiza, mara nyingi ameanza kuhitaji miwani ya kusomea. Ni umri wake. Kabla hujalaumu simu, jaribu kutunga uzi kwenye sindano jioni. Ukiona unaisogeza sindano mbali ili uione tundu, nenda kliniki ya macho ukapimwe, na gharama ya miwani iandike kwenye kopo la kazi.